Dhoruba ya majibu kwenye orodha kubwa ya barua pepe, na jinsi kunyamazisha mazungumzo kunavyoikata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natunza seva ya barua pepe ya taasisi yenye makao Kampala na matawi kuanzia Busia na Malaba hadi Arua. Kila barua moja inapozaa mamia, simu yangu huita kutwa nzima, na maswali huwa ni yaleyale. Nimeyaandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu wenzetu wengi wa mipakani, madereva na watu wa stoo, ndicho wanachokitumia kazini.

## Dhoruba ya majibu ni kitu gani?

Mtu wa uhasibu anataka kuwakumbusha watu sita warudishe fomu za posho ya safari ya Gulu. Anaanza kuandika anwani, kompyuta inamkamilishia, na badala ya kundi dogo inaingia orodha ya wafanyakazi wote. Anabonyeza kutuma. Dakika nne baadaye mtu wa Mbarara anajibu: "Mimi sikwenda Gulu, nadhani mmekosea." Ameijibu kwa `Reply all`, kwa hiyo jibu lake halikwenda uhasibu peke yake, limekwenda kwa kila mtu. Wa tatu anasema naye hakwenda. Wa nne anaomba aondolewe kwenye orodha. Wa tano anawakemea wote watatu, naye pia anakemea kwa `Reply all`.

Barua ya kwanza ni kosa la kawaida ambalo lingesahaulika kabla ya chai ya saa nne. Dhoruba ni hayo majibu: kila moja linaitisha mengine.

## Mbona haitokei kwenye kundi letu la watu arobaini?

Hili ndilo swali la msingi, na jibu lake ni hesabu ya kuzidisha tu.

Tuseme mfanyakazi wa kawaida ni mtulivu sana. Akiona barua isiyomhusu, uwezekano wa yeye kujibu wote ni mmoja katika elfu mbili. Namba hii nimeichagua kwa ajili ya mfano, lakini shika maana yake: karibu kila mtu ananyamaza. Kwenye kundi la watu 40, barua moja inaitisha majibu 40 gawanya kwa 2,000, yaani 0.02. Ungehitaji barua hamsini za makosa ndipo upate jibu moja. Dhoruba haipati pa kuanzia.

Sasa waweke watu walewale watulivu kwenye orodha ya 4,000. Barua moja inaitisha majibu mawili. Kila jibu nalo linawafikia wote 4,000, kwa hiyo kila moja linaitisha mengine mawili. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Hakuna aliyebadilika tabia wala aliyekuwa mkorofi. Kilichobadilika ni idadi ya macho yanayoiona kila barua.

Kwa hiyo mpaka ni moja. Kila barua ikiitisha chini ya jibu moja kwa wastani, moto unajizima. Ikizidi moja, unapanda. Ndiyo maana kuwalaumu watu kwa kukosa adabu hakusaidii kitu. Hata orodha ya watu wenye adabu, ikiwa kubwa vya kutosha, inavuka mpaka huo.

## Lakini watu hawaoni kwamba wanaongeza tatizo?

Wengi hawaoni, na wana sababu.

Ya kwanza, wanaamini kuna mtu mwenye orodha anayesoma majibu na kuwaondoa. Hayupo. Orodha ya wafanyakazi wote kwa kawaida hujazwa na mfumo kutoka kwenye kumbukumbu za utumishi, na wenzako 3,999 unaowaandikia "niondoeni" hawana uwezo wa kumwondoa yeyote. Orodha za kujiunga kwa hiari ni tofauti. Zile huwa na njia yake ya kutoka, ama kiungo cha `Unsubscribe` au anwani maalumu yenye `-leave` kabla ya alama ya `@`. Hata huko, ombi lililotumwa kwenye orodha yenyewe halimtoi mtu.

Ya pili ni ucheleweshaji. Aliyefika kazini saa tatu anaona barua kumi. Dereva aliyekuwa njiani kwenda Kitgum, mtandao ukimrudia saa saba mchana, anaanza na ile ya kwanza na kuijibu hapohapo, bila kujua kwamba walishaambizana waache. Seva nayo inapoelemewa, barua hukaa kwenye foleni, na "jamani acheni" ya saa nne inawafikia wengine saa sita, nyuma ya "acheni" nyingine ishirini.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: wanaotaka kusaidia. "Banange, tafadhali msijibu wote" ni barua kama nyingine yoyote. Inafika kwenye visanduku 4,000, inaita arifa 4,000, inawapa watu 4,000 nafasi mpya ya kukasirika. Katika hesabu yetu haina upungufu wowote ikilinganishwa na ile ya "niondoeni".

## Zilizowahi kuwa kubwa zilifika wapi?

Ndani ya kampuni ya Microsoft, Oktoba 1997, orodha iliyoitwa `Bedlam DL3` ilizalisha barua zinazotajwa kuwa milioni 15. Mtu mmoja aliuliza kwa nini yumo kwenye orodha hiyo, na wengine wakajibu kwamba nao wanajiuliza hivyo. Tarehe 14 Novemba 2016, huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilipatwa na yake: barua ya majaribio iliwafikia watu wapatao 840,000, na mfumo ukapitisha barua karibu milioni 500 katika muda wa saa moja na robo. Zote mbili zilianza na barua moja isiyo na ubaya wowote.

## Kunyamazisha mazungumzo kunafanya nini hasa?

Wengi mnajua kunyamazisha kundi la WhatsApp. Simu haiiti tena, lakini kundi bado lipo kwenye orodha yako na ujumbe unaendelea kuonekana. Kwenye Gmail, `Mute` inakwenda mbali zaidi. Mazungumzo yote yanatoka kwenye kisanduku cha kupokelea na kuingia kwenye hifadhi, na kila jibu jipya linayafuata hukohuko bila kupita mbele ya macho yako na bila arifa.

Programu inajuaje kwamba jibu jipya ni la mazungumzo yaleyale? Kila barua hubeba namba yake ya kipekee. Jibu linapoandikwa, linabeba ndani yake namba ya barua linayoijibu na za zile zilizotangulia, kama mtoto anayetaja jina la baba na la babu. Ukifungua chanzo cha barua utaziona:

```
Message-ID: <jibu-03@mfano.ug>
In-Reply-To: <jibu-02@mfano.ug>
References: <barua-01@mfano.ug> <jibu-02@mfano.ug>
Subject: Re: Fomu za posho
```

Gmail inatazama ukoo huo pamoja na kichwa cha barua. Ukinyamazisha, umeunyamazisha ukoo mzima, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa.

Kwenye kompyuta, fungua barua na ubonyeze herufi `m` kama umewasha njia za mkato, au tumia alama ya nukta tatu juu na uchague `Mute`. Kwenye simu ni nukta tatu hizohizo. Thunderbird nayo ina `Ignore Thread`, kwa herufi `K`.

## Na kwa sisi tunaotumia Outlook?

Kitufe kinaitwa `Ignore`, na kwenye Outlook ya Windows njia yake ya mkato ni `Ctrl+Delete`. Tofauti yake ni kubwa, tafadhali izingatieni: Outlook haihifadhi mazungumzo pembeni, inayahamishia kwenye `Deleted Items`, pamoja na kila jibu litakalokuja. Kama folda hiyo hujifuta yenyewe kila baada ya muda, barua hizo zitapotea. Ikiwa ndani ya mazungumzo kuna kitu unachokihitaji, kihamishe kwanza.

## Mimi ni mtu mmoja kati ya elfu nne. Nikinyamazisha, dhoruba itasikia?

Itasikia. Turudi kwenye hesabu. Seva itaendelea kukuletea barua, hilo kunyamazisha hakuligusi. Lakini barua isiyoonekana haijibiwi. Umetoka kwenye orodha ya wanaoweza kujibu, na orodha hiyo ndiyo inayolisha moto.

Watu 4,000 wakiona kila barua, kila moja inaitisha majibu mawili. Watu 1,000 wakinyamazisha, wanaoona ni 3,000 na majibu ni moja na nusu: bado unapanda, ila taratibu. Wakinyamazisha 2,000, kila barua inaitisha moja tu, na dhoruba haikui wala haipungui. Wakifika 2,400, kila barua inaitisha 0.8. Zile kumi na sita zinaleta kumi na tatu, zinaleta kumi, zinaleta nane, mpaka zinakauka. Orodha ni ileile na seva ni ileile.

Uhalisia una nafuu zaidi ya hesabu hii, kwa sababu watu hawafanani. Anayekereka zaidi ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kujibu, na ndiye anayenufaika zaidi kwa kunyamazisha. Mmoja wa aina hiyo akinyamazisha ana uzito kuliko watulivu ishirini.

Siku ya fomu za Gulu, mzee wa stoo wa Busia alinipigia. "Mwanangu, simu yangu inatetemeka juu ya meza kama ina homa. Nimewaandikia mara mbili waniondoe, hawasikii." Nilimwomba asiandike ya tatu. Nikamwambia, "Mzee, fungua hiyo barua yoyote. Juu kulia unaona nukta tatu zimesimama?" Akaziona. "Zibonyeze, teremka mpaka neno `Mute`." Kimya kidogo, kisha: "Imepotea. Zote zimepotea." Nikamweleza kwamba hazijapotea, zimewekwa pembeni. Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichosaidia: aliwapitia wenzake wanne wa ofisi hiyo, mmoja mmoja, akawaonyesha nukta tatu. Kutoka Busia hakukuja jibu jingine siku ile. Habari ya kunyamazisha inasafiri vizuri zaidi kwa mdomo, au kwenye kundi la WhatsApp la tawi, kuliko kupitia orodha inayowaka.

## Nilinyamazisha, na bado barua zimerudi. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu ukoo umekatika.

Kwanza, kuna aliyebadilisha kichwa cha barua. Mtu anafuta "Re: Fomu za posho" na kuandika "ACHENI KUJIBU WOTE" kwa herufi kubwa ili aonekane. Gmail inaona kichwa kipya, inaanzisha mazungumzo mapya, na kila aliyekuwa amenyamazisha anaamshwa upya. Nimeliona hili likiirudisha dhoruba iliyokuwa inakaribia kuzima, na aliyelifanya alikuwa na nia njema kabisa. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila mkuu wa idara akikumbuke, ni hiki: usibadilishe kichwa.

Pili, Gmail huyakata mazungumzo yakizidi barua mia moja na kuanzisha mengine. Dhoruba kubwa inafika huko. Nyamazisha tena, umemaliza.

Tatu, mtu anaweza kuwa amekuandikia wewe peke yako ndani ya mazungumzo hayo. Gmail hurudisha barua ya namna hiyo makusudi, na ni vizuri, kwa sababu huenda ni ya maana.

## Sitakosa jambo muhimu?

Unaweza kulikosa, na sitaki kulificha. Mhasibu akiamua kutangaza tarehe mpya ya mwisho katikati ya mazungumzo yaleyale, aliyenyamazisha hataiona. Ndiyo maana tangazo la kweli lianze kama barua mpya, likitumwa na mwenye mamlaka, na baada ya orodha kufungwa. Ukitaka kuchungulia, andika `is:muted` kwenye sehemu ya kutafutia ya Gmail, utayaona yote uliyoyanyamazisha.

## Je, data yangu inaliwa?

Inaweza kuliwa hata ukiwa umenyamazisha, kutegemea jinsi simu yako inavyopakua barua. Kinachokula si maneno, ni nembo. Ukijibu wote, kiambatisho cha barua ya awali kwa kawaida hakifuati, lakini picha iliyo ndani ya sahihi chini ya barua hufuata. Tuseme nembo ina KB 200 na majibu ni 60. Hiyo ni MB 12 kwa kila mtu, na kwa watu 4,000 ni GB 48 zinazopita kwenye seva kwa sababu ya fomu ya watu sita. Aliyenunua MB za siku asubuhi anaihisi. Zima upakuaji wa picha kwenye mipangilio ya programu yako, na kama sahihi yako ina nembo nzito, ibadilishe iwe maandishi.

## Nimejibu wote bila kukusudia. Niombe radhi?

Usiombe kwenye orodha. Radhi hiyo itakuwa barua nyingine ya watu 4,000. Kama ulimkosea mtu fulani, mpigie.

Kwenye Gmail una sekunde chache za kubonyeza `Undo`, na kwenye mipangilio unaweza kuziongeza hadi 30. Ziongeze leo. Kuirudisha barua kwa `Recall` ya Outlook usikutegemee: kwa wapokeaji walio nje ya mfumo wa taasisi, ombi la kurudisha hufika kama barua nyingine, na ile ya kwanza inabaki ilipo.

## Msimamizi afanye nini wakati sisi tunanyamazisha?

Kunyamazisha kunapunguza wanaojibu, lakini mlango wa kutuma barua ni wa msimamizi, na yeye aufunge kwanza kabla ya kuandika neno lolote. Mara ya kwanza nilipokabiliwa na hali hii, nilianza kwa kutuma tangazo la kuwatuliza watu nikiwa sijafunga orodha. Nilipata majibu zaidi ya ishirini ya kunishukuru, na kila moja liliwafikia wote.

Kwenye Mailman 2, programu ya kuendesha orodha, kuna mpangilio wa `emergency`, unaozuia kila barua mpaka uikague. Kwenye Google Groups badilisha ruhusa ya `Who can post` iwe ya wamiliki pekee. Kwenye Exchange, mfumo wa barua wa Microsoft, ni amri moja, inayoruhusu `mawasiliano` pekee kutuma:

```
Set-DistributionGroup "wafanyakazi-wote" `
  -AcceptMessagesOnlyFromSendersOrMembers "mawasiliano"
```

Kisha safisha foleni, maana majibu yaliyokwisha kupita mlangoni bado yanasubiri kusambazwa. Ukisahau hatua hii, watu wataendelea kupokea na kudhani hujafanya kitu.

Exchange Online ina kinga yake tangu Mei 2020. Ilipotolewa ilikuwa ikihesabu: majibu kumi kwa watu zaidi ya 5,000 ndani ya dakika 60, basi majibu yanayofuata yanazuiwa kwa saa nne. Tazama vizuri namba hiyo ya watu. Taasisi yenye orodha ya 4,000 isingeguswa na kinga hiyo, lakini Microsoft baadaye iliwaruhusu wasimamizi kushusha viwango.

Kuna hali moja ambapo mlango haupo. Mtumaji akiwa amebandika anwani zote moja moja kwenye `To` au `Cc` badala ya kutumia anwani ya orodha, kila jibu linakwenda kwa watu moja kwa moja na kufunga orodha hakugusi kitu. Utaitambua upesi: fungua barua, na kwenye sehemu ya wapokeaji utakuta msitu wa majina badala ya anwani moja. Hapo msimamizi anaweza kuweka sheria kwenye seva ya kuzuia kichwa kile, na kunyamazisha kwenu kunakuwa na thamani maradufu. Anwani nyingi zikiwekwa kwenye `Bcc` tangu mwanzo, jibu la wote linamfikia mtumaji peke yake.

## Mambo yametulia. Nafunguaje nilichonyamazisha?

Kwenye Gmail tafuta `is:muted`, fungua mazungumzo, nukta tatu, `Unmute`, kisha yarudishe kwenye kisanduku kwa `Move to inbox`. Kwenye Outlook nenda `Deleted Items`, chagua barua mojawapo, bonyeza `Ignore` tena na ukubali `Stop Ignoring Conversation`. Kwa mazungumzo ya fomu za posho, mzee wa Busia aliniuliza kama ni lazima ayafungue. Nilimwambia si lazima, yanaweza kubaki huko huko.